Mawaridi Yenye Harufu ya Samaki

Ukoo wa mumewe ulimwita Mama Kinyaa, naye hakuona sababu ya kukataa. Alikuwa na kinyaa cha kuku, kinyaa cha nywele kwenye sinki, kinyaa cha kikombe kilichonywewa na mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni mumewe mwenyewe, dereva wa malori ambaye alionekana nyumbani kwa nadra kiasi kwamba mate yake yangestahili kuhesabiwa kama tunu. Maji aliyanywa kwa kikombe chake cha bati. Alikiosha kabla ya kunywa, akakiosha baada ya kunywa, kisha akakitazama kwa jicho la mtu anayehisi ameibiwa.

Watu walishangaa mwanamke wa namna hiyo anawezaje kushinda kutwa na ndoo za mafuta. Lakini sabuni, kwake, ilikuwa kitu pekee duniani ambacho ukikishika mkono unatoka safi kuliko ulivyoingia. Vingine vyote ni kinyume chake.

Alifanyia kazi chumba cha nyuma, kilichokuwa cha kuwekea mkaa. Alikuwa amekisugua kuta, akakipaka chokaa mara mbili, akasugua tena chokaa. Mlikuwa na meza, mizani, dirisha moja, na rafu ya kukaushia miche ya sabuni. Kasoro ya chumba ilikuwa moja tu: hakikuwa chake. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe, na mama mkwe alikuwa na kuku.

"Mwanangu," mama mkwe alimwambia mwanzoni mwa wiki ile, huku akimkuna kuku shingoni kama mtu anayebembeleza mjukuu, "mimi si mkorofi. Yule mwenye nyumba ya wageni anakuja Jumamosi kuangalia sabuni yako, sivyo? Akiichukua, chumba ni chako, mimi na wewe hatuna neno. Akiikataa, Jumapili vifaranga wangu wanahamia. Wamekuwa wengi, wanalala wamebanana kama abiria."

"Mle ndani, mama? Juu ya chokaa yangu?"

"Watapenda. Peupe."

Mama Kinyaa aliona kinyesi cha kuku kikitiririka kwenye ukuta wake mweupe. Alikiona wazi, cha kijani chenye kofia nyeupe, na ilibidi akae chini.

Huyo mwenye nyumba ya wageni mtaa mzima ulimwita Mzee Pua. Alikuwa na pua, kweli, pua ya kutosha watu wawili, lakini jina lilitokana na kuinusa kwake dunia. Alinusa mashuka, alinusa mapazia, alinusa wafanyakazi wake asubuhi wakipanga foleni. Alitaka sabuni ya kuweka kwenye vyumba vya wageni: nyeupe, yenye uso laini, kingo zake zikiwa zimenyooka, na harufu ya kitu kimoja tu, si ya soko zima.

Sabuni nyeupe hakuna asiyeweza kuipika. Kazi ni kuitoa kwenye kalibu ikiwa na sura ya kuonyesha watu.

Kalibu alikuwa nazo tatu. Ya kwanza ya mbao, sanduku refu jembamba lisilo na kifuniko, alilochongewa na seremala wa mtaani. Hiyo humpa mche mrefu ambao huukata vipande. Ya pili ya silikoni, laini kama sikio la mbuzi, yenye vishimo vya mawaridi, zawadi ya dada yake. Ya tatu haikuzaliwa kalibu. Ilikuwa kopo la aiskrimu la mstatili, plastiki ngumu, lenye alama ya pembetatu na namba tano chini, maana plastiki ya namba hiyo huvumilia joto na kostiki, yale magadi makali yanayogeuza mafuta kuwa sabuni. Aliwahi kujaribu chombo chenye namba moja. Kililegea ubavu mmoja, kikainama juu ya meza kama mlevi anayetafuta viatu.

Jumanne aliandaa ya mbao. Mbao ni kitu chenye kiu. Ukiimiminia sabuni mbichi ikiwa uchi, inainywa, sabuni inagandia ndani ya vinyweleo vya mti, na siku ya kuitoa unatoa nusu sabuni nusu vibanzi, halafu mbao yenyewe inavimba na kuvunda. Kwa hiyo huvalishwa karatasi ya kuokea, ile isiyoshika kitu. Kipande kimoja kirefu hufunika chini na kupanda kwenye ncha mbili. Kingine kipana hufunika chini na kupanda kwenye mbavu. Pembe hukunjwa kali kama za shuka la hospitali, na karatasi inayozidi hubanwa kwenye kingo kwa vibanio vya nguo. Kunjo lolote utakaloliacha, sabuni italichukua na kulibeba usoni maisha yake yote.

Kazi hiyo alimpa wifi yake. Wifi, dada mdogo wa mumewe, alikuwa amerudi kwao baada ya kuachika, na sanduku moja la nguo na maoni juu ya kila kitu. Alikuwa mwepesi wa mkono, na mdomo ulitangulia mkono.

"Pembe zikae kama nilivyokuonyesha," Mama Kinyaa alimwambia, akivaa glavu na miwani yake mikubwa ya plastiki. "Mimi nachanganya kostiki nje. Usinisemeshe."

"Mimi lini nimekusemesha?"

"Unanisemesha sasa."

Alimimina kostiki ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya kostiki, akarudi mvuke ulipotulia, akaunganisha na mafuta, akakoroga kwa mashine mpaka uji ukawa mzito wa kuacha alama. Miwani ilikuwa imejaa ukungu. Aliona sanduku, akaona ndani yake kitu kinachong'aa, laini, kisicho na kunjo hata moja, akamshukuru Mungu kwamba wifi yake hatimaye amejua kukunja karatasi. Akamimina.

Kwa muda mfupi kila kitu kilikuwa kizuri. Kisha sanduku likaanza kunong'ona.

Ilikuwa sauti ya chini, kama mafuta yanayokaribia kuchemka. Uso wa sabuni uliokuwa mweupe kama mtindi ukapata chunusi. Chunusi zikapasuka, zikatoa ute, ute ukawa wa kijivu, na kijivu kikaanza kupanda kikitoa harufu ya mafuta yaliyobabuka na jiko lililomwagikiwa. Uvimbe mmoja ulipanda katikati, ukatetemeka, ukazama ukiacha shimo lenye midomo.

"Wifi," Mama Kinyaa alisema polepole sana, "ulivalisha nini humu?"

"Karatasi ya kuokea iliisha. Nikaweka foili. Inang'aa zaidi."

"Kazime jiko jikoni. Sasa hivi, kimya kimya, usiwashe chochote. Fungua milango yote."

Foili ni aluminiamu, na kostiki huila aluminiamu kama kuku anavyokula mchwa. Inapoila inatoa joto na gesi inayoshika moto. Walilibeba sanduku kwa glavu, kila mmoja na ncha yake, wakaliweka uani kwenye hewa. Ute ulikuwa umevuka ukingo. Utelezi wa kijivu ulitambaa ubavuni mwa mbao, wenye vipande vya foili vilivyotobolewa kama majani yaliyoliwa na viwavi, na tone moja likaning'inia, likavutika, likavutika tena, kama kamasi za mtu asiye na aibu.

Mama Kinyaa aligeuka pembeni.

"Lakini keki tunaweka kwenye foili," wifi alisema.

"Keki gani umeona ina kostiki?"

"Ya shangazi ilikuwa inakaribia."

Mama mkwe alitokea mlangoni, kuku kwapani. Alilitazama sanduku lililokuwa bado linatoa mapovu. "Hii ni sabuni, au kuna mtu anachemka humo?" Kisha akakichungulia chumba kilichobaki wazi, akakipima kwa macho kutoka ukuta hadi ukuta. "Upande ule viota vinaenea," alijisemea, akaondoka zake.

Jumatano mafuta yaliyobaki yalitosha sabuni ndogo tu. Mama Kinyaa aliamua kuyapeleka kwenye mawaridi. Silikoni haihitaji kuvalishwa chochote, na huo ndio uungwana wake. Unaiweka juu ya ubao ili isiyumbe unapoihamisha, unamimina, unagongagonga hewa itoke, basi. Kasoro yake ni uvivu: haipitishi hewa, kwa hiyo sabuni ndani yake hukawia kukauka, na ukiwa na haraka waridi hutoka limeacha petali nyuma. Aliifunua ile ya dada yake kwenye kabati. Ilikuwa safi. Aliiosha tena, akaikausha, akaigeuza mbele ya dirisha. Hakuinusa. Mtu ananusa vyakula na viatu. Nani ananusa silikoni iliyooshwa mara mbili?

Mawaridi yalijaa na uji ukabaki kidogo. "Weka kwenye kopo la aiskrimu," alisema, "tusiutupe."

Aligeuka, akamkuta wifi ameshika chupa ya mafuta ya kupikia, vidole vinameta, anapaka kopo ndani kwa mahaba.

"Unafanya nini?"

"Nalainisha. Plastiki ngumu inashika, umesema mwenyewe."

"Na mafuta ya kupikia yakikutana na sabuni mbichi yanakuwa nini?"

Wifi alifikiri. Ilionekana usoni kwamba anafikiri. "Yanakuwa sabuni."

"Yanakuwa sabuni. Na yatashikana na yenzake. Umepaka gundi, wifi yangu wa mikosi. Futa, osha, kausha. Leta mafuta ya mgando."

"Yangu ya midomo?"

"Kopo jipya. Lile la midomo sitaki hata kulitazama."

Mafuta ya mgando kostiki haiyawezi, hubaki kama yalivyo. Aliyapaka kwa kitambaa, utando mwembamba tu, chini, mbavuni na kwenye pembe, akafuta yaliyozidi ili yasiache mabonge. Afadhali zaidi ingekuwa kuvalisha kopo kipande kirefu cha plastiki laini chenye masikio mawili ya kuvutia juu, lakini uji ulikuwa unazidi kuwa mzito na kopo lilikuwa la akiba tu. Macho na moyo wake vilikuwa kwenye mawaridi.

Ijumaa asubuhi aliyafungua. Alivuta kingo za kila kishimo taratibu ili hewa iingie, akasukuma kutoka chini kwa kidole gumba, na waridi la kwanza likaanguka kwenye kiganja chake. Lilikuwa jeupe, zima, kila petali na ukingo wake, uso unang'aa kama kioo. Wifi alipiga makofi kwa vidole viwili, jambo analofanya mtu aliyekatazwa kupiga kelele.

"Mzee Pua atalia," alisema.

Mama Kinyaa alilisogeza waridi puani. Alikuwa ameweka mafuta ya mchaichai, kidogo tu. Mchaichai ulikuwepo. Nyuma yake palikuwa na kitu kingine, kimejibanza kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia miguu ikionekana. Alivuta pumzi tena. Kitu kile kikatoka nje ya pazia.

Ilikuwa samaki, na si samaki wa kukaanga bali kichwa cha samaki kilichochemshwa jana na kusahauliwa. Palikuwa na jicho ndani ya harufu ile. Aliliweka waridi mezani kwa vidole viwili, akachukua la pili, la tatu, akanusa kalibu yenyewe, halafu akatoka uani na kuinama juu ya karai. Kilichotoka kilikuwa chai.

"Mama," alisema aliporudi, mama mkwe akiwa anamwaga pumba, "kuna mtu aliyeitumia kalibu yangu ya mawaridi?"

"Ile ya mpira mpira? Niliigandishia supu ya vichwa vya samaki, kwenye friza. Ya kuku. Wanataga vizuri." Alionyesha kwa vidole ukubwa wa waridi. "Kila kuku na ua lake. Walipendeza. Niliiosha, usidhani. Niliiosha na sabuni yako mwenyewe."

"Silikoni haisahau harufu, mama. Unaiosha inanyamaza, ikipata joto inasema yote."

"Sasa mimi ningejuaje? Mimi niliona vikombe." Usoni mwake hapakuwa na hila hata chembe, na hilo ndilo lilimchukiza zaidi Mama Kinyaa, maana hakuwa na mtu wa kumkasirikia isipokuwa kichwa cha samaki.

Alirudi chumbani. Harufu ilikuwa imeshajitanua mezani. Wifi alikuwa ameziba pua kwa ncha ya khanga.

"Tuyaongezee mchaichai?" wifi aliuliza.

"Utapata samaki aliyetiwa mchaichai. Huyo analiwa, haogewi."

Basi likabaki kopo la aiskrimu.

Alilipindua. Hakuna kitu. Aliligonga chini. Hakuna. Alivuta mbavu za kopo kulia na kushoto. Plastiki ilikubali kidogo kwa heshima, sabuni haikukubali hata kidogo. Mafuta ya mgando yalikuwa yamezuia isigandane na ukuta, hilo alikuwa na hakika nalo, lakini hewa haikuwa na pa kuingilia, na sabuni ilikuwa imelinyonya kopo kama mtoto asiyetaka kuachishwa ziwa.

"Tulipasue," wifi alisema, akiwa tayari na kisu.

"Ukipasua utaichana uso. Weka kisu chini. Na hicho kisu ni cha kitunguu, nakiona."

Alijua dawa. Alikuwa anaijua tangu alipolipindua mara ya kwanza, na ndiyo maana alikuwa akiendelea kugonga. Sabuni ukiiweka kwenye baridi kali husinyaa kidogo, ikaachia ukuta yenyewe. Baridi kali nyumba nzima ilikuwa sehemu moja tu. Friza ya mama mkwe.

Hakuwahi kuifungua. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi. Aliposimama mbele yake, mama mkwe na wifi walivuta viti jikoni kama watu waliokuja kwenye sherehe.

Kifuniko kilitoa sauti ya busu. Ndani vichwa vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, midomo wazi, macho meupe yamefunikwa barafu, kila kimoja kinamtazama yeye binafsi. Katikati palikuwa na mawaridi mawili ya supu yaliyosalia, ya kahawia, yenye mapezi. Barafu ya chini ilikuwa ya rangi ya waridi, na yeye hakutaka kujua kwa nini.

"Pa kuweka hapapo," alisema kwa matumaini.

"Sogeza," mama mkwe alisema. "Vichwa haviumi mtu. Wenyewe ndio wameumwa."

Alilifunga kopo kwenye mfuko wa nailoni, akakaza fundo, akaingiza mfuko kwenye mfuko mwingine, akakaza, akaingiza kwenye wa tatu. Kisha akavaa glavu mbili mkono mmoja. Alikishika kichwa cha kwanza shavuni. Kilikuwa kimegandana na jirani yake, na vilipoachana vilitoa mlio mdogo, trak, na kipande cha ngozi kikabaki kinaning'inia na magamba yake. Alikihamisha kichwa cha pili. Cha tatu kilimteleza kikaanguka kwenye mguu wake, na hapo hakupiga kelele, alisema tu, "Ee Mola," kwa sauti ya mtu anayeaga.

"Ameniachia samaki sakafuni," mama mkwe alimwambia binti yake. "Mimi nikiacha unyoya mmoja, naambiwa."

Baada ya saa kadhaa alilitoa, akang'oa mifuko, akalipindua kopo juu ya ubao safi, akabonyeza chini kwa viganja. Kulikuwa na mlio kama wa kidole kwenye kioo kilicholowa, na mche ukateremka wote kwa mara moja, mfupi, mnene, pembe nne kamili. Uso wake ulikuwa laini kuliko wa waridi. Ulianza kutoka jasho.

"Asiuguse mtu," alisema. "Jasho likauke lenyewe. Ukigusa sasa, kidole chako tutakuwa nacho mpaka sabuni iishe."

Alisubiri, akausogelea, akanusa. Mchaichai. Akanusa tena, akimtafuta yule wa nyuma ya pazia. Hakuwepo. Alinusa mpaka wifi akamwambia ataumaliza kwa pua. Jioni aliukata vipande sita kwa waya, akavipanga rafuni juu ya karatasi safi. Mawaridi aliyafungia kwenye ndoo yenye kifuniko, ndoo akaiweka nyuma ya choo.

Jumamosi Mzee Pua alifika na koti na kikohozi. Alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, akavuta pumzi ndefu, matundu yakafunguka kama madirisha asubuhi.

"Kuna samaki," alisema.

"Wapo kwenye friza ya mama mkwe," Mama Kinyaa alijibu. "Na wengine wapo kwenye sabuni niliyoharibu, ipo nyuma ya choo. Hii mbele yako haina."

"Niletee hiyo iliyoharibika."

Wifi alileta ndoo. Mzee alinusa waridi moja, akalirudisha, akafunika, akatoa leso na kupenga kwa muda mrefu, kama mtu anayehamisha fanicha. Alichungulia ndani ya leso kuona amepata nini. Mama Kinyaa aliangalia dari.

"Silikoni iliyopikiwa," Mzee Pua alisema. "Marehemu mama yangu alikuwa mpika sabuni. Yeye alitumia mbao tu."

Kisha, kwa vidole vilevile vilivyotoka kwenye leso, alichukua kipande cheupe. Alikipitisha kidole gumba usoni, akatafuta makunjo, hakuyaona. Alikagua pembe. Alinusa. Halafu akatoa ulimi. Ulikuwa ulimi mpana, wenye utando mweupe katikati, na aliuburuta juu ya kipande chote kutoka ncha hadi ncha, taratibu, kama mtu anayepiga deki. Mate yalibaki yanameta. Kipovu kimoja kilikaa kwenye ndevu zake.

"Haing'ati," alisema. "Kostiki imekwisha kazi. Sabuni yenye kostiki ya ziada inakupiga ulimi kama umeme." Alikinyoosha kipande mbele, kinadondosha mate. "Nawe onja. Mama yangu alisema mpika sabuni asiyeweza kulamba sabuni yake, usiwaogeshe wageni wako kwayo."

Mlangoni mama mkwe alikuwa ameacha kutafuna. Wifi alimtazama Mama Kinyaa, akatazama ulimi wa Mzee Pua ukirudi nyumbani kwake, akafumba macho kwa niaba yake.

Mama Kinyaa alikipokea. Mate yalikuwa ya vuguvugu. Aliyasikia yakiingia kati ya vidole vyake, yakitafuta njia. Alifikiria kuta zake. Akakiweka kipande kwenye ubao, akachukua waya wake wa kukatia, akakipasua katikati kwa mkato mmoja, akainua nusu kwa ncha za kucha, na ule uso wa ndani uliozaliwa sasa hivi, ambao hakuna kiumbe aliyewahi kuugusa, akaulamba. Aliulamba vizuri, bila haraka, akimtazama Mzee machoni.

"Haing'ati," alisema.

Mzee Pua aliichukua nusu ya pili, akachunguza ndani. Ilikuwa nzito, nyeupe kotekote, haina tundu wala mshipa. Alicheka, na kikohozi kikamkatisha, na vitu vikaruka ambavyo Mama Kinyaa alivikwepa kwa hatua moja ya pembeni aliyoifanya ionekane kama adabu.

"Nataka hii," alisema. "Miche mirefu, kila mwezi, nitakata mwenyewe. Kopo hilo dogo halitatosha. Una kalibu ya mbao?"

"Ninayo," alisema, na hapo ndipo alipokumbuka iko wapi na iko katika hali gani.

Mzee alipoondoka, alisugua mikono mpaka kiwikoni, akasukutua, akasukutua tena, akaupiga ulimi mswaki. Mama mkwe alimsubiri amalize.

"Haya," mama mkwe alisema. "Chumba ni chako, nilisema sitarudi nyuma. Lakini nikuambie kweli, mwanangu, nilidhani utamtapikia."

"Nilidhani hivyo pia, mama."

Walikwenda wote watatu uani kwenye sanduku. Ute wa kijivu ulikuwa umekauka juu na kubaki telezi chini, na nzi alikuwa ameingia humo akafa. Mama Kinyaa alivaa glavu, akashika kibao cha kukwangulia, akakwangua. Ulitoka kwa matambara, ukiwa na foili ndani kama mifupa ya dagaa, na kila tambara lilitoa mnuko wake wa pekee. Alilia kidogo, si kwa huzuni, macho yenyewe yalikataa. Foili ilikuwa imeokoa sehemu ya mbao kabla ya kutoboka; palipotoboka palikuwa na madoa, aliyasugua kwa maji mengi, akayasafisha tena, akalianika sanduku juani mpaka mbao ikalia ko, ko, ikigongwa.

Wifi alinunua karatasi ya kuokea mwenyewe, bunda zima, akaikunja mara tatu, akaikunjua mara tatu, mpaka pembe zikalala. "Hizi si kama za hospitali?"

"Za hospitali ya wilaya. Kaza tena."

Mama mkwe alikuwa amesimama karibu, mikono nyuma, anatazama karatasi ikipanda mbavuni. "Nipe nishike ncha hii," alisema, "nyie mbane vibanio. Mtu mmoja hawezi."

Kweli mmoja hawezi, wala wawili. Mama Kinyaa alisita. Mikono ya mkwewe ilitoka kwenye pumba na friza na mahali pengine ambapo hakutaka kupataja moyoni. Aliinusa kwa mbali.

"Nitashukuru, mama," alisema. "Ila naomba kwanza ukanawe."

"Nimenawa."

"Naomba ukanawe tena."

Mama mkwe aliinua viganja vyake, akavikagua, kisha akaenda bombani. Walimsikia akifungua maji, akinung'unika, akiyaacha yatiririke.